Si Majina, ni Vyeo: Kumuuliza Afisa Ajira Kabla ya Usaili

Wengi wenu mmewahi kuupokea ujumbe huu, na wengine mnausubiri kwa hamu: "Habari. Umechaguliwa kuhudhuria usaili wa nafasi uliyoomba, Jumanne saa 4:00 asubuhi, ofisini kwetu. Fika na vyeti halisi. Tafadhali thibitisha." Mpokeaji anajibu, "Nathibitisha, asante sana," kisha anaingia mtandaoni kutafuta maswali ya usaili na majibu yake. Anakariri jinsi ya kujieleza, uwezo wake na udhaifu wake, na wapi anajiona baada ya miaka mitano. Jumanne anafika, anawekewa kompyuta yenye taarifa ya benki isiyolingana na vitabu, anaambiwa ana saa moja.

Ujumbe ule haukusema mambo mawili. Haukusema wasaili ni watu wa kazi gani, wala haukusema usaili utaendeshwaje. Afisa aliyeutuma anayajua yote mawili, kwa sababu ndiye aliyepanga ratiba, akatafuta chumba na kuwaandikia wasaili waache nafasi asubuhi hiyo. Hakuyaficha. Hakuna aliyemuuliza, naye ana waombaji wengine wa kuwaarifu.

Nimekaa upande wa wasaili mezani kwa miaka mingi, na najua kwa nini watu hawaulizi. Wanaona haya, ndiyo, lakini kuna hofu nyingine ambayo ina msingi wake. Kwetu sisi, ukimuuliza mtu "Nani atanisaili?" swali linaweza kusikika kama unatafuta mlango wa nyuma. Afisa anajiuliza huyu anataka majina ili ampigie nani simu, ana mjomba gani wizarani. Hofu hiyo hatuiondoi kwa kukaa kimya. Tunaiondoa kwa namna ya kuuliza. Ombeni vyeo, acheni majina. Cheo kinakuambia msaili anahangaika na nini kazini kwake, na hicho ndicho unachohitaji ili ujiandae. Jina likitolewa bila kuombwa, ni sawa, lakini usilidai.

Tuchukue kazi moja tuifuate hadi mwisho: afisa fedha wa mradi, katika shirika lisilo la kiserikali hapa Dar es Salaam, linaloendesha miradi ya wafadhili. Naichagua kwa sababu majopo ya nafasi hii nayafahamu, na kwa sababu mhasibu wa mradi anatumikia watu wanaotaka mambo tofauti kwake. Mwombaji wetu, tumwite binti tu, amepata ujumbe ule Alhamisi mchana. Alhamisi hiyohiyo anajibu hivi:

"Habari za mchana. Nashukuru kwa mwaliko wa usaili wa nafasi ya Afisa Fedha wa Mradi, Jumanne saa 4:00 asubuhi. Nathibitisha kuwa nitahudhuria. Ili nijiandae ipasavyo, naomba kufahamu mambo mawili. Kwanza, watakaonisaili wana nafasi gani katika shirika. Vyeo vyao vinatosha. Pili, usaili utaendeshwaje: kama kutakuwa na zoezi la maandishi au la kompyuta kabla ya mahojiano, kila sehemu itachukua muda gani, na kama mahojiano yatakuwa kwa Kiswahili au Kiingereza. Kama baadhi ya haya hayatolewi kwa waombaji, naelewa. Asante."

Uthibitisho umetangulia, kwa hiyo afisa hapati shaka kwamba mtu huyu anaweka masharti. Maswali yako ndani ya ujumbe mmoja, hayaji moja leo na jingine kesho. Sababu imetajwa kwa maneno machache, na mlango wa kukataa umeachwa wazi. Kuhusu lugha, msidharau swali hilo. Nimewaona watu wenye ujuzi mzuri wakijiandaa kwa Kiswahili, kisha wanakuta jopo linaongea Kiingereza, na dakika kumi za kwanza zinaishia kwenye kutafuta maneno. Nimeona na kinyume chake pia: mtu aliyekariri Kiingereza kizuri anaulizwa namna ya kuongea na mwenyekiti wa kijiji, anakwama.

Ijumaa asubuhi afisa anajibu: "Asante kwa kuthibitisha. Utaanza na zoezi la kompyuta la saa moja, kwenye laptopu yetu. Baadaye mahojiano ya dakika 45 mbele ya jopo la watu wanne: Meneja wa Fedha, Meneja wa Mradi, Afisa Rasilimali Watu, na Mratibu wa Ruzuku atakayeungana nasi kwa video kutoka Nairobi. Maswali ni yaleyale kwa waombaji wote. Mahojiano ni kwa Kiingereza."

Mtu mwenye haraka ataona hapo ratiba tu. Mimi naona karibu nusu ya maandalizi. Anzeni na muda. Dakika 45 ukitoa tano za kutambulishana na tano za maswali ya mwombaji, zinabaki 35. Kwa jopo la watu wanne lenye maswali yaliyopangwa, tegemea maswali kama saba, yaani wastani wa dakika tano kila moja pamoja na kuulizwa na kuandika. Jibu lako basi lina dakika tatu, nne zikizidi. Mwombaji asiyejua hesabu hii hutumia dakika tisa kueleza historia yake katika swali la kwanza, na jopo linaanza kuruka maswali ya mwisho. Maswali yakirukwa, alama zake zimerukwa nayo.

Maneno "maswali ni yaleyale kwa wote" nayo yana uzito. Yanamaanisha kuna karatasi, na kwenye karatasi kuna sehemu ya alama kwa kila swali, kila msaili anajaza ya kwake. Usaili wa aina hii umefanyiwa utafiti mwingi. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter walikusanya matokeo ya utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi, wakaonyesha kwamba usaili uliopangwa hutabiri utendaji kazini vizuri zaidi kuliko mazungumzo yasiyo na mpangilio. Paul Sackett na wenzake walizipiga upya hesabu hizo mwaka 2022. Namba nyingi zilishuka, lakini usaili uliopangwa ukakaa juu ya orodha. Kwa mwombaji, usaili wenye karatasi ya alama una matokeo mawili. Ucheshi wako na meneja haukusaidii sana, kwa sababu hakuna pa kuuandika. Na kila swali linasimama peke yake: ukiharibu la pili, la tatu linaanza upya. Kama afisa angejibu "Ni mazungumzo tu na mkurugenzi, mfahamiane," ningemshauri binti ajiandae kinyume kabisa, aingie na mambo yake matatu anayotaka yajulikane, kwa sababu mazungumzo ya namna hiyo hayana anayehakikisha kwamba yataulizwa.

Sasa vyeo. Wengi wakishajua vyeo hujaribu kubuni maswali ya kila mmoja, halafu wanaandaa majibu ishirini ambayo hayatakumbukika. Njia ninayoipendekeza ni kuchukua tukio moja la kweli katika kazi yako na kulitazama kwa macho ya kila anayeketi mezani.

Binti yetu ana tukio. Kazini kwake kwa sasa, afisa wa mradi mwenye umri wa baba yake alichukua masurufu ya shilingi 4,800,000 kwa ajili ya warsha Dodoma. Aliporudi alileta risiti halali za shilingi 4,150,000 na fedha taslimu 200,000. Shilingi 450,000 zilizobaki alizilipa kwa mwenye ukumbi mdogo, akarudi na kikaratasi cha mkono, si risiti ya mashine ya kielektroniki. Mzee akakasirika kuulizwa. Binti hakuyafunga masurufu yale vitabuni. Alimwandikia barua mwenye ukumbi, akapata risiti sahihi baada ya siku kadhaa, na warsha ya pili ilikuwa inakaribia.

Meneja wa Fedha anaposikiliza hadithi hii, anatafuta udhibiti. Anataka kujua masurufu yale yalibaki kwa jina la nani kwenye vitabu wakati risiti sahihi inasubiriwa, nani aliidhinisha, kama mzee alipewa masurufu mapya kabla ya kurejesha ya kwanza, na kama mwenye ukumbi alistahili kukatwa kodi ya zuio. Kwake huyu, binti anatakiwa kutaja nyaraka kwa majina yake: fomu ya masurufu, hati ya malipo, fomu ya marejesho. Neno "nilifuatilia" halimtoshi meneja wa fedha hata kidogo.

Meneja wa Mradi si mhasibu. Huenda amekwisha kukwazwa na wahasibu mara nyingi, fedha inakwama ofisini wakati washiriki wameshapanda mabasi. Katika hadithi ileile, yeye anasikiliza warsha ya pili ilifanyika au haikufanyika. Binti amweleze kwamba alipanga na ofisi kulipa ukumbi wa pili moja kwa moja kwa benki, mzee asibebe fedha tena, na tarehe haikusogea. Hapa maneno ya kitabuni yapungue. Akisema "tofauti ya bajeti," aongeze palepale kwamba maana yake ni mradi ulitumia pungufu au zaidi ya ulivyopangiwa kwenye kifungu fulani.

Mratibu wa Ruzuku, yule wa Nairobi, anamtazama mfadhili muda wote. Shilingi 450,000 ziliingizwa kwenye ripoti ya mfadhili kabla risiti haijapatikana, au zilisubiri? Zilikuwa kwenye kifungu kinachoruhusu ukumbi? Kipindi cha mradi kilikuwa hakijafungwa? Jibu la binti kwake lina sentensi mbili, lakini zisiposemwa, mratibu anaandika alama ndogo. Na kwa kuwa yupo kwenye video, binti ageukie kamera anapomjibu, aongee taratibu, na amwulize mwanzoni kama anasikika vizuri. Sauti ya chumba cha mikutano husikika vibaya upande wa pili, na msaili asiyesikia mara nyingi hasemi. Anaacha pengo kwenye karatasi.

Afisa Rasilimali Watu anabaki na mzee aliyekasirika. Kwake yeye suala ni namna binti mdogo alivyomwambia mtu mzima kwamba kikaratasi hakikubaliki bila kumvunjia heshima mbele ya wenzake, na bila kulegea. Alimfuata pembeni? Alimwamkia, akampa kanuni iliyoandikwa, au alimtumia baruapepe na nakala kwa bosi? Huyu pia ndiye atakayeuliza notisi ya kuacha kazi na mshahara unaotarajiwa, kwa hiyo namba hizo ziwe kichwani kabla ya kuingia.

Tukio ni moja, wasikilizaji wanne, na binti hakukariri jibu hata moja. Ana matukio mengine mawili ya kuyapitisha hivyohivyo, na matatu yanatosha kwa maswali saba.

Zoezi la kompyuta nalo linajulikana zaidi ya mnavyodhani. Saa moja kwa afisa fedha wa mradi mara nyingi ni usuluhishi wa benki, au jedwali la bajeti na matumizi linalohitaji maelezo, au yote mawili kwa ufupi. Binti anaweza kujitengenezea zoezi Jumamosi: daftari la fedha lenye miamala thelathini, taarifa ya benki ya mwezi huohuo, na tofauti alizozipanda mwenyewe, kama hundi ambazo hazijawasilishwa benki, makato ya benki ambayo hayajaingizwa vitabuni, na namba moja iliyoandikwa kinyumenyume. Aangalie saa. Watu hukwama kwenye muda kuliko kwenye hesabu. Wanatafuta shilingi ya mwisho hadi saa inaisha na hawajaandika mstari mmoja wa maelezo. Akifika dakika ya 45, aache kutafuta, aandike kiasi ambacho hakijasuluhishwa na anachodhani ni chanzo chake. Mimi nikisahihisha, karatasi ya namna hiyo naipa alama nzuri kuliko ile iliyolazimishwa kulingana. Na kwa kuwa ni laptopu ya ofisi, ajizoeze kwenye mashine isiyo yake, maana njia za mkato alizozizoea huenda hazipo. `SUMIFS` aijue kwa kuiandika mwenyewe, asitegemee faili lake la zamani.

Kuna mambo afisa hawezi kukupa, na ukiyaomba unajiharibia. Maswali yenyewe usiyaombe. Usiulize wenzako walioitwa ni wangapi na ni akina nani. Usiombe namba ya simu ya msaili. Na kama ukipewa majina bila kuomba, angalia kazi ya mtu huyo, shirika limechapisha nini, mradi upi anauongoza. Picha za harusi yake ziache. Nimewahi kumsikia mwombaji akimpongeza msaili kwa mtoto mchanga ambaye hakuna mtu ofisini aliyekuwa amesikia habari zake. Chumba kiliganda.

Inafaa pia kujua unaongea na nani. Kama mwaliko umetoka kwa wakala wa ajira, si kwa mwajiri, huyo hulipwa na mwajiri mtu anapopatikana, kwa hiyo kufaulu kwako kuna faida kwake. Anaweza kuulizwa kwa uhuru zaidi, hata swali kama "Waombaji waliotangulia walipungukiwa na nini?" Mara nyingi analijua jibu, kwa sababu mwajiri alimpigia simu kulalamika. Afisa wa ndani hatakuambia hilo, wala hapaswi. Lakini wakala huenda hajui ratiba ya siku ile, ataileta kwa kubahatisha. Mwombe athibitishe na mwajiri. Na nitoe onyo kidogo nje ya mstari. Mtu anayejiita wakala, anayekuahidi kazi Ghuba au mgodini, ambaye hawezi kutaja hata cheo kimoja cha atakayekusaili, lakini ana namba ya kutuma ada ya fomu, huyo hana usaili wowote wa kukupeleka.

Serikalini hali ni nyingine. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma hutangaza wito wa usaili ukiwa na tarehe, mahali, na aina ya usaili: wa mchujo ambao kwa kawaida ni wa kuandika, wa vitendo kwa kada zinazouhitaji, na wa mahojiano ana kwa ana. Mpangilio umeshatolewa, usome tu, pamoja na masharti ya vyeti na vitambulisho, kwa sababu watu hurudishwa mlangoni kwa hilo. Wasaili hutajiwi, na ni sawa. Jopo linalindwa dhidi ya ushawishi. Kuuliza huko nani atakaa mezani ndiko kutafuta mlango wa nyuma kweli, hata kama nia yako ni safi. Kinachobaki ni kusoma majukumu ya kada yako kwenye tangazo.

Sasa tuje kwa afisa asiyejibu. Siku moja ya kazi ikipita kimya, piga simu mara moja, saa za ofisi, na usirudie maswali yote. Uliza moja linalojibika kwa ndiyo au hapana: "Samahani kukusumbua, nilitaka tu kujua kama kutakuwa na zoezi la kompyuta." Maswali mapana humfanya afisa aone anatakiwa kuomba ruhusa, swali jembamba analijibu akiwa anatembea. Akikataa, mshukuru na urudi kwenye tangazo la kazi. Palipoandikwa "ataripoti kwa Meneja wa Fedha," meneja huyo karibu hakika yupo kwenye jopo. Palipoandikwa "atashirikiana kwa karibu na timu za mradi," tegemea mtu wa mradi. Panapotajwa ripoti za wafadhili, kuna mtu wa ruzuku, au meneja wa fedha atavaa kofia yake. Uhakika haupo hapo, lakini ni bora kuliko maswali ya mtandaoni.

Mwenye mahitaji maalumu asiache kuuliza, na aulize mapema kuliko wengine. Asiyeona vizuri anahitaji kujua kama zoezi ni la karatasi au la skrini, na kama maandishi yanaweza kukuzwa. Anayetumia lugha ya alama anahitaji mkalimani atafutwe, na mkalimani hapatikani asubuhi ya usaili. Hapa swali la mpangilio linampa afisa nafasi ya kupanga, naye akiambiwa Jumanne mlangoni hana la kufanya.

Na majopo hubadilika. Binti yetu anafika Jumanne saa 3:30, anamaliza zoezi, anaitwa ndani, na Afisa Rasilimali Watu anasema Meneja wa Mradi amesafiri ghafla kwenda Mtwara. Nafasi yake imechukuliwa na Mkaguzi wa Ndani. Asishtuke, na asiombe radhi kwa jambo lisilo lake. Tukio la Dodoma liko vilevile, ila sasa sehemu ya warsha ya pili ifupishwe, na ya nyaraka irefushwe: tarehe ya barua kwa mwenye ukumbi, nani alisaini marejesho, kikaratasi cha mkono kiliwekwa wapi baada ya risiti sahihi kufika. Mkaguzi wa ndani atataka kujua kama kilitupwa. Kama kiliambatanishwa nyuma ya risiti, kwenye faili lilelile la masurufu, aseme hivyo.